Kupima Kukua kwa Miji kwa Mwanga wa Usiku, na Mpaka wa Kipimo Hiki kwa Miji Midogo

Mwanga wa taa za mjini huonekana kutoka angani, na kwa kuwa mji unaopanuka huongeza taa, wataalamu wa miji huutumia mwanga huo kufuatilia ukuaji hata pale ambapo sensa hufanyika mara moja tu katika miaka kumi. Kumbukumbu za kidijitali za picha hizi zinaanzia mwaka 1992, zilipoanza kuhifadhiwa picha za setilaiti za kijeshi za Marekani zinazoitwa DMSP. Picha hizo zilikuwa hafifu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ilipewa alama kuanzia 0 hadi 63, na katikati ya majiji makubwa zote ziligota kwenye 63, hivyo ongezeko lolote la taa huko halikuonekana tena. Mwanga nao ulivuja hadi kwenye pikseli za jirani, na miji ya pwani ikaonekana kana kwamba imejengwa mpaka baharini.

Oktoba 2011 ilirushwa setilaiti ya Suomi NPP ikiwa na kihisi kiitwacho VIIRS, ambacho ndicho chanzo kikuu cha picha za mwanga wa usiku leo. Kihisi hiki hakigoti katikati ya majiji, na kipimo chake hutolewa kwa nanowati kwa kila sentimita mraba na steradiani, ambacho kwa ufupi ni kiasi cha mwanga unaotoka ardhini kuelekea angani. Pikseli yake ina upana wa mita 742, na hupita juu ya eneo lilelile kila usiku, saa saba na nusu hivi. Kwa kuwa vihisi hivi viwili hupima kwa namna tofauti na kwa saa tofauti, tarakimu za DMSP haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na za VIIRS. Mruko unaoonekana kwenye mwaka wa kubadilisha kihisi ni wa kihisi, si wa mji.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchukua picha ya mwaka mzima. Picha hiyo hutengenezwa kwa kuondoa usiku wenye mawingu, mbalamwezi, radi na moto wa nyika, kisha kupata wastani wa usiku uliobaki. Mtafiti huchagua kiwango cha chini cha mwanga, tuseme nanowati 1, na kila pikseli inayokizidi huhesabiwa kuwa ya mjini. Eneo lililopatikana mwaka mmoja hulinganishwa na la mwaka mwingine, na jumla ya mwanga ndani yake vilevile.

Kwa jiji kama Dodoma, njia hii ina mashiko. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, serikali iliamua kuhamia huko, na mji wa serikali ukajengwa Mtumba, upande wa mashariki. Ukuaji wa aina hiyo huja na barabara za lami zenye taa, ofisi zenye taa za ulinzi na mitaa mipya yenye umeme, nao hutawanyika juu ya pikseli nyingi. Picha za kila mwaka huweza kuonyesha ni upande gani uliotangulia kupanuka na ni lini, jambo ambalo sensa mbili zilizopishana kwa miaka kumi haziwezi kulisema. Hata hivyo, asilimia ya ongezeko la mwanga si asilimia ya ongezeko la watu, kwa sababu barabara moja yenye taa hung'aa kuliko mtaa mzima wa nyumba.

Mji mdogo hukutana na tatizo la kwanza kwenye ukubwa wenyewe. Pikseli ya mita 742 inafunika takriban hekta 55. Mji wenye eneo la kilomita moja ya mraba, yaani hekta 100, haufikii hata pikseli mbili kamili. Picha zinazosambazwa hugawanywa kwenye miraba midogo zaidi, ya kama mita 460 karibu na ikweta, na mji huohuo ukaonekana una miraba mitano hivi, lakini ugawaji huo hauongezi taarifa yoyote. Mwanga wa mashambani na wa mjini umekwisha kuchanganyika ndani ya pikseli moja.

Tatizo la pili ni saa ya kupigwa picha. Saa saba na nusu usiku maduka yamefungwa na watu wamelala. Taa ya ndani chini ya bati haitoki kwenda juu, na taa ndogo ya sola haifikii kiwango ambacho kihisi kinaweza kukitofautisha na mwanga wa kawaida wa anga. Zinazobaki kuonekana ni taa za barabarani, vituo vya mafuta, hospitali na taa za ulinzi. Utafiti uliofanywa Senegali na Mali, ukatolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijiji vyenye umeme vilionekana ving'avu zaidi angani hasa kwa sababu ya taa za barabarani.

Mfano wa kubuni unaeleza matokeo yake. Mji una kaya 1,500 mwaka 2014 na hauna gridi. Mng'ao wake ni nanowati 0.4, na kwa kuwa uko chini ya kiwango, picha ya mwaka huandika sifuri. Mwaka 2019 gridi inafika na taa zinasimikwa kwenye kilomita moja ya barabara kuu. Mng'ao unapanda hadi 1.3 na mji unajitokeza kwenye ramani kana kwamba umezaliwa mwaka huo, ingawa kaya zimefika 1,700 tu. Jirani yake una kaya zilizoongezeka maradufu kwa kutegemea sola, na kwenye ramani bado haupo. Kilichopimwa katika miji yote miwili ni kufika kwa taa za barabarani.

Ziko pia taa zisizo za mji. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita hufanya kazi usiku na uko karibu na mji wa Geita, hivyo upanuzi wa shughuli za mgodi unaweza kusomwa kama upanuzi wa makazi. Kandokando ya Ziwa Viktoria, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na usiku wa giza ndio unaobakizwa katika kutengeneza picha za wastani. Mialo midogo huweza kupewa mwanga ambao kwa kweli uko majini. Kwa upande mwingine, mgao wa umeme, kama ule wa Tanzania mwishoni mwa 2023, hupunguza mwanga bila mtu kuhama. Taa za LED nazo hupotosha, kwa kuwa kihisi hakioni sehemu kubwa ya mwanga wa buluu ambao taa hizo hutoa kwa wingi kuliko zile za njano za sodiamu. Mji uliobadilisha taa unaweza kuonekana umefifia ilhali mitaa yake inang'aa zaidi.

Kuna majaribio matatu ya kutambua kama matokeo yanaaminika. La kwanza ni kubadilisha kiwango cha chini kutoka nanowati 1 hadi 0.5. Eneo la jiji kubwa hubadilika kiasi na mwelekeo wa ukuaji hubaki, lakini mji mdogo huweza kuongezeka maradufu au kutoweka, na hapo tarakimu zake hazina uzito. La pili ni kutazama umbo la badiliko kwa miaka. Ukuaji wa makazi hupanda polepole, ilhali kuunganishwa kwa gridi huonekana kama ngazi moja ya ghafla. La tatu ni kulinganisha na picha za mchana za Sentinel-2, zenye pikseli ya mita 10, ambazo huonyesha mabati na viwanja vipya hata pasipo umeme. Hifadhidata ya GHSL ya Umoja wa Ulaya imekwisha kuchora maeneo yaliyojengwa duniani kote kwa picha za aina hiyo.

Majengo yakiongezeka bila mwanga, mji umekua bila gridi. Mwanga ukiongezeka bila majengo, kilichokuja ni umeme, mgodi au taa mpya. Vikiongezeka vyote kwa miaka kadhaa mfululizo, kuna sababu nzuri ya kusema kwamba mji umekua. Kwa mji usiofikia pikseli kumi, mwanga peke yake utumike kujibu swali la umeme, na ukubwa wa mji utafutwe kwenye picha za mchana na hesabu za nyumba.