Manukato kwenye mtandio wa hariri bila kuacha doa

Doa la manukato kwenye hariri mara nyingi huonekana baada ya kukauka. Spiriti iliyomo huruka haraka, lakini mafuta na rangi hubaki kwenye kitambaa. Hariri nyingine hata huchuja rangi ikiguswa na spiriti.

Kabla ya kupulizia mtandio wa harusi, jaribu kwanza kwenye tishu nyeupe. Ikikauka ikiwa na alama ya njano au ya mafuta, manukato hayo yasiguse hariri. Ikibaki safi, jaribu kwenye pindo la ndani. Kisha tundika mtandio, simama umbali wa sentimita 30 hivi, pulizia mara moja, na usiukunje mpaka ukauke. Tone likiangukia kitambaa, ligandamize kwa kitambaa kikavu bila kusugua.

Anayetaka harufu idumu apulizie koti la sufu kwa ndani. Sufu hushika harufu kuliko vitambaa vingi, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Pamba huifuata, na hariri nyembamba hupoteza mapema. Bitana ya rangi nyepesi nayo ijaribiwe kwanza pembeni.

Kwa anayebeba mtoto mchanga, mtandio uachwe bila manukato, kwa sababu ndipo pua ya mtoto inapolala. Harufu kali inaweza kuchochea pumu. Kufukiza nguo kwa udi, kama wafanyavyo watu wa Pwani, hakudondoshi tone, lakini moshi wake nao humsumbua mwenye pumu. Mtoto asiwepo chumbani wakati wa kufukiza.