Hati 140 za Mshahara, Nywila 140

Mwisho wa mwezi, programu ya mishahara hutoa faili moja la PDF lenye hati za wafanyakazi wote, moja baada ya nyingine. Kwa kiwanda cha watu 140, hilo ni faili la kurasa 140: mshahara ghafi, kodi, makato ya hifadhi ya jamii, mkopo wa huyu na karo anayokatwa yule. Mhasibu anatakiwa kulikatakata, kumpelekea kila mtu ukurasa wake kwa barua pepe, na kuhakikisha barua ikipotea njia aliyeipokea haoni kitu.

Njia inayotumika sana ni kufunga kila hati kwa nywila yake, na nywila zote zikatoka kwenye jedwali la Excel. Safu ya kwanza ina namba ya mfanyakazi, ya pili ina nywila. Kazi yenyewe ya kufunga ni nyepesi. Programu ya bure iitwayo qpdf huimaliza kwa mstari mmoja:

```
qpdf --encrypt NYWILA NYWILA-KUU 256 -- wazi/0457.pdf fungwa/0457.pdf
```

Namba 256 huiambia programu itumie usimbaji wa AES wa biti 256. Nywila ya kwanza ni ya mfanyakazi, ya kufungulia hati. Ya pili hubaki ofisini, nayo haifai kuachwa tupu: kwa usimbaji huu, faili lenye nywila kuu tupu hufunguka bila kuulizwa chochote, na ndiyo sababu matoleo mapya ya qpdf hukataa kulitengeneza. Zipo pia hati ambazo zimewekewa nywila kuu peke yake ili kuzuia uchapishaji. Hizo kila mtu anazisoma, na kizuizi chenyewe kinategemea hiari ya programu inayozifungua.

Swali gumu ni nywila itoke wapi. Ofisi nyingi hupenda kutumia kitu ambacho mfanyakazi anakijua tayari, kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho. Inarahisisha maisha kwa kila mtu, mwizi akiwemo. Tarehe zote za kuzaliwa za miaka 60 hazifiki 22,000, na programu za kukisia nywila kama John the Ripper huzipitia zote kwa muda mfupi kwenye kompyuta ya kawaida. Namba ya kitambulisho ya Kenya yenye tarakimu 8 haiwezi kuwa na zaidi ya michanganyiko milioni 100, kazi ambayo mashine humaliza bila kuchoka. Tena namba hiyo si siri hata kidogo; imeandikwa kwenye madaftari ya wageni katika nusu ya mageti ya mji.

Namba ya NIDA ya Tanzania inaonekana afadhali kwa kuwa ina tarakimu 20, ila 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Na hapo Excel huongeza vituko vyake. Programu hiyo huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Mhasibu akiandika tarakimu zote 20 bila vistari, 5 za mwisho hugeuka sifuri kimyakimya, na kwenye seli huonekana kitu kama 1.99E+19. Hati hufungwa kwa namba iliyoharibika, kisha mfanyakazi anaandika namba yake sahihi na kuambiwa amekosea. Dawa ni kuipa safu nzima muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote. Kubadilisha muundo baadaye hakurudishi tarakimu zilizopotea.

Nywila ya kubahatisha ndiyo bora. Katika Excel mpya fomula hii hutunga herufi 10, ikiacha i, l, o, 0 na 1 kwa kuwa watu huzichanganya wakisoma kwenye simu:

```
=CONCAT(MID("abcdefghjkmnpqrstuvwxyz23456789",RANDARRAY(10,1,1,31,TRUE),1))
```

Alama ni 31, nafasi ni 10. Michanganyiko inapita trilioni 800. Wataalamu wa usalama hupendelea bahati nasibu iliyotengenezwa kwa kazi ya siri, mfano moduli ya `secrets` ya Python, na wana haki. Hata hivyo, kinachozikwamisha ofisi si udhaifu wa fomula. Ni kwamba fomula hiyo hutunga upya kila jedwali linapofunguliwa au seli yoyote inapoguswa. Hati hufungwa asubuhi, mtu anafungua jedwali mchana kutuma ujumbe, na wafanyakazi 140 wanapokea nywila ambazo hazijawahi kufungua kitu. Nywila zikishatungwa, safu hunakiliwa na kubandikwa kama thamani, siyo fomula, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho. Jedwali huhifadhiwa kama CSV ili programu ndogo ilisome mstari kwa mstari. Excel ya Windows humalizia kila mstari kwa alama mbili zilizofichika, lakini programu za Linux hutegemea moja. Ile ya ziada hung'ang'ania mwisho wa nywila. Ukiichapisha kwenye skrini iko sawasawa, ila hakuna binadamu atakayeweza kuiandika. Dalili yake ni kwamba hati zote hukataa nywila zote, hata moja haifunguki. Huondolewa hivi:

```
tr -d '\r' < nywila.csv > safi.csv
```

Kosa baya kuliko yote, hata hivyo, halitoi dalili yoyote kwenye nywila. Kwenye kile kiwanda cha watu 140, tuseme mfanyakazi wa 57 amefanya saa nyingi za ziada hadi hati yake ikaingia ukurasa wa pili. Mhasibu amekata faili kwa mfuatano wa kurasa, ukurasa wa kwanza kwa mstari wa kwanza wa jedwali, na kuendelea. Mfanyakazi wa 58 anapata kipande cha hati ya mwenzake. Wa 59 anapata mshahara wa wa 58, na hivyo hivyo mpaka chini, na kila mmoja anafungua vizuri kabisa kwa nywila yake mwenyewe.

Kuhesabu husaidia, kwa kuwa kurasa zitakuwa 141 na mistari 140. Lakini ikiwa mwezi huohuo mtu mmoja yuko likizo bila malipo na hakutolewa hati, hesabu zinalingana na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo mfuatano hauaminiwi. Programu ya `pdftotext` huyatoa maandishi ya kila ukurasa, namba ya mfanyakazi husomwa humo, na faili hupewa jina la namba hiyo. Ndipo jedwali huulizwa nywila ya namba iliyosomwa. Ukurasa usio na namba husimamisha kazi hadi mtu auangalie.

Kabla ya kutuma, mhasibu huchagua hati chache za juu, za kati na za mwisho, na kuzijaribu:

```
qpdf --password=NYWILA --show-encryption fungwa/0457.pdf
```

Nywila hupita njia tofauti na hati. Hati ikienda kwa barua pepe, nywila hutumwa kwa ujumbe wa simu, au mfanyakazi huichukua mkononi siku ya kuajiriwa na kuitumia mwaka mzima. Hii ya pili hupunguza usumbufu wa kila mwezi, ila nywila ikivuja inafungua hati zote za mwaka huo, na kuibadilisha leo hakufungi upya nakala ambazo zimeshatumwa. Anayehitaji kupeleka hati benki kuombea mkopo hulazimika kuipeleka ikiwa wazi au kutoa nywila pamoja nayo. Ni bora ofisi imwandalie nakala isiyofungwa kuliko nywila ya miezi 12 kubaki kwenye dawati la afisa mikopo.

Linabaki jedwali lenyewe, ambalo sasa lina thamani kuliko hati yoyote miongoni mwa zile 140. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, humdai mwajiri azilinde taarifa za watu wake, na jedwali la nywila lililolala kwenye folda ya pamoja ya ofisi, jirani na folda yenye hati zilizo wazi, halitamsaidia kujitetea. Folda ya hati wazi hufutwa baada ya majaribio. Jedwali hufungwa kwa nywila yake lenyewe, na wanaoijua hawazidi wawili.