Siku Tatu Morogoro: Barua Pepe ya Kikao Kazi Inavyoandikwa

Kuna ofisi nyingi Dar es Salaam ambazo mara moja kwa mwaka huwapeleka wafanyakazi wao Bagamoyo au Morogoro kwa siku mbili tatu, wakae pamoja wapange kazi mbali na foleni na simu za wateja. Wengine huita ritriti, wengine kikao kazi. Barua pepe ya kuwajulisha watu huangukia kwa afisa utawala, na mara nyingi anapewa jioni kwa maneno mawili tu: "Waambie watu." Akikubali kuiandika usiku huohuo, wiki nzima inayofuata atakuwa akijibu maswali. Barua hiyo inatangaza mambo yaliyokwisha kukubaliwa, na kazi yenyewe iko kwenye kuyakubali kwanza.

Tuchukue ofisi ya mfano. Ni kampuni ndogo inayouza pampu za umeme wa jua kwa wakulima, ina watu 18: 12 wako Dar es Salaam na 6 Dodoma. Meneja anataka kikao kazi cha siku tatu mwezi Septemba 2026. Wamechagua Morogoro kwa sababu iko kati ya miji yote miwili, na treni ya mwendokasi inapita hapo kutoka pande zote mbili.

Tarehe ndiyo ya kushughulikia kwanza, na haichaguliwi kwa kuangalia nafasi ya meneja peke yake. Mtu wa kwanza kuulizwa ni mhasibu. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita hulipwa TRA kufikia tarehe 7, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa kufikia tarehe 20. Kwa hiyo mhasibu anapumua katikati ya tarehe hizo mbili, na ukimtoa ofisini nje ya kipindi hicho atakuja na kompyuta yake na kukaa nyuma ya ukumbi akifanya kazi nyingine. Hapo zimebaki wiki mbili. Wiki ya pili ya Septemba kwa kawaida ndiyo ya mtihani wa darasa la saba, na mzazi mwenye mtoto anayefanya mtihani huo hatakuwa na utulivu wa kukaa hotelini. Inabaki Jumatano 16 hadi Ijumaa 18 Septemba. Huo ndio mpango, na umepatikana kwa kuuliza watu wawili watatu kabla ya kuandika chochote.

Ijumaa nayo ina jambo lake. Katika watu 18 wapo watakaokwenda kuswali, na kikao kinachopangwa kuisha saa 8 mchana kitakatika katikati. Afadhali kifungwe saa 5:30 asubuhi, watu waswali, wale, kisha waelekee stesheni.

Sehemu ya likizo ndiyo inayozua manung'uniko mengi, kwa sababu huachwa bila kuandikwa na kila mtu akaijaza mwenyewe kichwani. Swali la kwanza la wafanyakazi, hata wasipoliuliza kwa sauti, ni hili: siku hizi tatu zinakatwa kwenye likizo yangu? Jibu ni hapana. Mwajiri amewaita kazini, hata kama kazi hiyo inafanyika hotelini, na barua iseme hivyo kwa sentensi moja. Anayekwenda hajazi fomu ya likizo. Anachojaza ni fomu ya safari, na kama atapewa fedha mkononi, masurufu yake atayarejesha na risiti za EFD.

Kundi la pili ni walio na likizo iliyokwisha kuidhinishwa tarehe hizohizo. Katika ofisi yetu ya mfano ni fundi mmoja wa Dodoma, aliyeidhinishiwa likizo kuanzia Jumatatu 7 Septemba. Kishawishi ni kumpigia simu na kumwambia aje siku tatu tu, kisha aendelee kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu: likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumkubalia mfanyakazi amfanyie kazi akiwa ndani ya likizo hiyo. Kwa hiyo kuna njia mbili safi. Ama likizo ibadilishwe kwa maandishi, yeye mwenyewe akiwa amekubali, na fomu mpya isainiwe na msimamizi wake kabla barua ya wote haijatoka; ama aachwe apumzike na sehemu yake isomwe na mwenzake. Jina lake lisitokee kwenye orodha ya wasafiri kabla mojawapo halijafanyika. Mtu kuona kwenye barua ya watu 18 kwamba likizo yake imefutwa ni jambo linalokumbukwa muda mrefu.

Kundi la tatu ni wanaotaka kubaki. Ijumaa jioni Morogoro, milima ya Uluguru iko pale, na wapo watakaotamani kukaa hadi Jumatatu. Waruhusiwe, lakini mpaka uwekwe: kuanzia chakula cha mchana cha Ijumaa kampuni haigharimii chochote, Jumamosi na Jumapili ni zao, na Jumatatu ni siku ya likizo ya kuombwa kwa fomu kufikia Jumatatu 24 Agosti. Tarehe hiyo inampa msimamizi nafasi ya kuona kama wote wawili wanaojua kupokea simu za wateja wameomba Jumatatu hiyohiyo.

Na yuko mama anayenyonyesha. Sheria hiyohiyo inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, na haki hiyo haibaki Dar es Salaam yeye akienda Morogoro. Aulizwe kando, kwa simu, si kwenye kundi la WhatsApp: atakuja na mtoto na msaidizi, au atashiriki kwa njia ya mtandao? Akija, chumba chake kiwe karibu na ukumbi na gharama ya msaidizi ijulikane ni ya nani.

Usafiri unahitaji majina mapema. Tiketi ya treni hukatwa kwa jina la abiria na kitambulisho chake, hivyo anayeitwa "Mama Neema" na ofisi nzima lazima aandike jina lililo kwenye kitambulisho. Watu 12 wanapanda Stesheni ya Magufuli, 6 wanatoka Dodoma, na wote wanashukia Stesheni ya Jakaya Kikwete. Kutoka hapo hadi hotelini hakuna wa kutembea kwa miguu na mizigo, kwa hiyo Kosta moja ikodiwe na dereva apewe saa za treni zote mbili. Wanaofika mwanzo wasubiri au wasisubiri? Iandikwe. Wakisubiriana kwa saa moja na nusu bila kujua, watu wataanza kuita bodaboda mmoja mmoja na kudai nauli baadaye.

Saa zenyewe zina mtego. Tiketi huchapwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Tiketi ikisema 09:30, mwenye kusoma haraka anaweza kuielewa kama saa tisa na nusu, na saa tisa na nusu kwake ni alasiri. Dawa yake ni kuandika zote mbili kila mara, na kuandika siku pamoja na tarehe, kamwe si "Jumatano ijayo". Kurudi kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kwenda. Treni inayowashusha watu Dar es Salaam saa 4 usiku ni nafuu kwa ratiba na ni ghali kwa anayeishi Mbagala au Kibaha. Ama ichaguliwe ya mapema, ama kampuni ilipe teksi za usiku, na barua iseme ni ipi.

Kilichobaki ni maandalizi, na hapa sentensi "kila mmoja aje amejiandaa" haifanyi kazi yoyote. Kila mtu atajiandaa kwa anachokidhani, na siku ya kwanza itaisha mhasibu akisoma jedwali lenye mistari midogo isiyoonekana ukutani. Ombi lililokamilika lina jina la mwenye kazi, kitu chenyewe, ukubwa wake, siku ya kukikabidhi na wa kumkabidhi. Ukubwa ndio husahaulika. Ukurasa mmoja na dakika kumi za kusema ni kipimo ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi.

Haya yote yakishakubaliwa, barua inakuwa fupi. Inatumwa Jumatatu 10 Agosti asubuhi, mada yake ikiwa na tarehe na mahali:

Mada: Kikao kazi Morogoro, Jumatano 16 hadi Ijumaa 18 Septemba 2026. Jibu kufikia 28 Agosti

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Kikao kazi chetu kitafanyika Morogoro tarehe zilizotajwa hapo juu. Tarehe zimekubaliwa na uongozi na hazitabadilika.

Siku hizi tatu ni za kazi na hazikatwi kwenye likizo. Anayetaka kubaki baada ya Ijumaa atajigharamia, na akihitaji Jumatatu 21 Septemba ajaze fomu ya likizo na kumpa msimamizi wake kufikia Jumatatu 24 Agosti.

Treni ya kwenda kutoka Dar es Salaam ni Jumatano saa 3:30 asubuhi (kwenye tiketi 09:30). Tukutane mlango wa stesheni saa 2:00 asubuhi. Wenzetu wa Dodoma watapata saa zao kwa mkuu wa tawi. Kosta itasubiri makundi yote mawili.

Malazi na chakula mara tatu vinalipwa na kampuni moja kwa moja, kwa hiyo posho itakuwa ya njiani tu.

Ninaomba kutoka kwa kila mmoja, kufikia Ijumaa 28 Agosti: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, na chakula usichokula.

Maandalizi, yanifikie kufikia Ijumaa 11 Septemba: Mhasibu, ukurasa mmoja wa mapato na matumizi ya Januari hadi Juni. Mkuu wa mauzo, wilaya tano tulizouza zaidi na tano tulizouza kidogo, pamoja na sababu. Mafundi wa Dodoma, pampu tatu zilizorudishwa na picha za kilichoharibika. Wengine wote, swali moja unalotaka lijibiwe kabla hatujarudi.

Majibu yaje kwangu peke yangu, msiwajibu wote.

Hiyo inatosha. Mstari kuhusu posho unaonekana mdogo, lakini ukikosekana watu watakuwa wamekwisha kupiga hesabu ya posho kamili ya kulala nje, na kuwarudisha chini kutoka hapo ni kazi ngumu kuliko kuandaa kikao chenyewe. Namba za vitambulisho nazo ndizo sababu ya kuomba majibu yasiende kwa wote: si habari za kuzungushwa ofisi nzima.

Barua ikiwa nzuri, maswali ya siku ya kwanza yatakuwa ya mtu mmoja mmoja kuhusu jambo lake: mtoto, dawa, treni kama inasimama Pugu. Maswali yakiwa yaleyale kutoka kwa watu watano, kuna mstari haukueleweka. Urekebishwe na barua irudiwe kwa wote siku hiyohiyo, ikianza kwa kutaja kilichobadilika. Kisha Jumatatu 14 Septemba uende ujumbe wa mwisho wenye mambo matatu tu: saa ya kukutana, namba ya simu ya dereva wa Kosta, na kukumbusha vitambulisho.