Kwa Nini Nguzo Hupinda Kwenye Video za Kamera Ndogo, na Namna ya Kuisahihisha

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayetazama video ya ukaguzi wa barabara anaweza kuona nguzo ya umeme iliyopinda kama upinde, huku kona za picha zikiwa na giza, akadhani nguzo imewekwa vibaya. Mara nyingi nguzo imesimama wima. Kilichoipinda ni lenzi.

Kamera ndogo zinazofungwa kwenye kofia ngumu au pikipiki hutumia lenzi pana, iitwayo jicho la samaki, ili kuingiza eneo kubwa katika picha moja. Kutokana na upana huo, mistari iliyonyooka hujikunja inapokaribia ukingo, na mwanga unaofika konani huwa hafifu kuliko wa katikati.

Programu ya ffmpeg, inayopatikana bila malipo, husahihisha kasoro zote mbili kwa amri moja:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "vignette=angle=PI/8:mode=backward,lenscorrection=k1=-0.227:k2=-0.022:i=bilinear" -c:a copy mpya.mp4
```

Giza huondolewa kwanza, kwa kuwa limeenea kufuata umbo la picha kama ilivyotoka kwenye lenzi. Picha ikishanyooshwa, mpangilio huo huvurugika. Hatua ya pili hunyoosha mistari.

Namba hizo ni za kuanzia tu, maana kila lenzi ina zake. Ili kuzipata, rekodi fremu ya mlango ikiwa karibu na ukingo wa picha. Fremu ikiendelea kubinuka kwenda nje, ongeza ukubwa wa k1 upande wa hasi kidogo kidogo. Ikianza kubonyea kuelekea katikati, umepitiliza. Kwa giza, rekodi ukuta mweupe wenye mwanga sawa. Kona zikiwa angavu kuliko katikati, punguza pembe, kwa mfano kutoka PI/8 hadi PI/10.

Marekebisho haya yana gharama. Kwa namba zilizotajwa, kona ya picha mpya huchukuliwa kutoka sehemu iliyo asilimia 75 tu ya umbali wa katikati hadi kona ya zamani. Yaliyo nje ya hapo hukatwa, na sehemu ya giza huondoka nayo. Kalavati au mtu aliyeonekana ukingoni anaweza kutoweka kabisa, na kinachobaki pembeni huvutwa hadi kupoteza ukali. Kwa hiyo video ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, hasa inapokuwa kumbukumbu ya ukaguzi.

Kabla ya kuanza, angalia mpangilio wa kamera. Ikiwa ilirekodi katika hali ya Linear, kamera imekwisha kunyoosha picha, na kurudia kutabonyeza mistari kuelekea ndani. Vilevile, kituliza mtikisiko cha kamera huweza kuhamisha kitovu cha picha kila wakati, nguzo ikaonekana kuyumba hata baada ya kusahihishwa. Ni vyema kukizima wakati wa kurekodi, kisha kutuliza video baada ya kunyoosha lenzi.