Koki Itanunuliwa na Nani?

Muhtasari wa kikao cha kamati ya maji kijijini mara nyingi husomeka hivi: "Mjumbe mmoja alieleza kuwa kituo cha shuleni kinavuja. Baada ya majadiliano marefu, ilikubaliwa koki inunuliwe na kufungwa haraka iwezekanavyo kwa gharama isiyozidi shilingi 40,000. Ilipendekezwa pia uzio ujengwe. Mtunza hazina alikubali kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji wa tarehe 28 Juni."

Wiki tatu baadaye maji bado yanamwagika, na kila mjumbe anaamini kazi ilikuwa ya mwenzake.

Katibu anayetaka kutoa jedwali humo aanze na vitenzi. "Iliazimiwa" na "ilikubaliwa" huashiria uamuzi. "Ilipendekezwa" na "wajumbe walisisitiza" ni mazungumzo tu, isipokuwa kikao kilifikia makubaliano baadaye. Kwa hiyo uzio unabaki kwenye muhtasari, hauingii kwenye jedwali.

Penye ugumu ni "inunuliwe na kufungwa". Kwanza, hizo ni kazi mbili: anayetoa fedha si lazima awe ndiye anayeshika spana. Pili, vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, na herufi hiyo moja, *w*, inatosha kumficha mtendaji. Kuandika "kamati" mahali pa mhusika hakusaidii, kwa kuwa kamati haiendi dukani. "Haraka iwezekanavyo" nayo si tarehe.

Hapa katibu hushawishika kujaza jina analolidhania. Asifanye hivyo. Aweke alama ya kuuliza, kisha amfuate mwenyekiti kesho yake, kabla watu hawajasahau. Kama kazi imo ndani ya wadhifa wa mtu fulani, mwenyekiti ataitaja na kupatana naye siku. Kama haimo, swali lirudi kikaoni. Baada ya maswali hayo, jedwali linakuwa hivi:

| Ajenda | Uamuzi | Mhusika | Mwisho |
|---|---|---|---|
| 4(a) | Kununua koki, isizidi sh. 40,000 | Mtunza hazina | 14 Juni |
| 4(b) | Kufunga koki shuleni | Fundi wa maji | 16 Juni |
| 6 | Kusoma mapato na matumizi mkutanoni | Mtunza hazina | 28 Juni |

Siku mbili kati ya safu ya kwanza na ya pili zimewekwa makusudi, maana fundi hawezi kufunga koki ambayo haijafika. Namba ya ajenda inamrudisha msomaji kwenye muhtasari uliosainiwa, ambao bado ndio kumbukumbu rasmi: humo ndimo zilimo sababu za uamuzi na majina ya waliopinga.

Kikao kijacho, wakifika kwenye Yatokanayo, katibu anasoma safu moja moja na mhusika anajibu. Fundi akisema koki ilichelewa kufika hadi tarehe 20, tarehe mpya inaandikwa kando ya ile ya zamani, na ya zamani haifutwi.