Umeahidi Kutoshindana na Bosi: Ahadi Inakubana Lini?

Mikataba mingi ya kazi ina kifungu kinachomkataza mwajiriwa, akishaondoka, kwenda kwa mshindani au kufungua biashara kama ya bosi wake. Wengi husaini bila kukisoma, kisha wakaja kukiogopa siku ya kuacha kazi. Je, kina nguvu kweli?

Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha jinsi majaji wanavyopima. Katika ya kwanza, ya mwaka 1913, mwajiriwa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba eneo la Islington, London, akitafuta wateja na kukusanya malipo ya kampuni iliyouza nguo kwa mkopo. Alizuiwa kwa miaka 3 kufanya kazi kama hiyo popote ndani ya maili 25 kutoka London. Katika ya pili, ya mwaka 1921, karani mkuu wa wakili katika mji mdogo wa Tamworth aliahidi kutofanya kazi ya uwakili ndani ya maili 7 kutoka ukumbi wa mji huo, maisha yake yote.

Miaka 3 ilikataliwa. Ya maisha ikakubaliwa.

Karani yule alikuwa amezoeana na wateja wa ofisi nzima. Angefungua mlango wa pili, wangemfuata. Mwajiri alikuwa na kitu halisi cha kulinda, na maili 7 zilitosha kukilinda, huku karani akiwa huru kufanya kazi kwingineko. Mtafuta wateja wa Islington alijulikana kwenye mitaa yake tu, lakini kampuni ilitaka kumfungia jiji zima na viunga vyake. Majaji hawakukubali hata kukipunguza kifungu kibaki Islington. Jaji Moulton aliona kwamba wakifanya hivyo, waajiri wataandika masharti makali ya kuwatisha watu, wakijua mahakama itawarekebishia.

Kinacholindwa, basi, ni siri za biashara na uhusiano na wateja. Ujuzi ulioupata kazini ni mali yako, hata kama bosi ndiye aliyekufundisha. Kumzuia mtu ili tu asishindane hakukubaliki.

Kenya ina sheria yake kuhusu jambo hili, Sura ya 24. Kifungu hakibatiliki kwa kuwapo tu kwenye mkataba, ila Mahakama Kuu inaweza kukitangaza batili ikiridhika kwamba kinamlinda mwajiri kupita kiasi au kinaumiza umma. Hapo huangalia aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote ya kesi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, jiulize: nitakutana na wateja gani, na nitajua siri zipi? Ikiwa kazi yako ni ya ghalani na kifungu kinakufungia nchi nzima kwa miaka mitano, omba kipunguzwe sasa. Na ukifukuzwa kinyume cha mkataba, mwone wakili kabla ya kukitii: tangu mwaka 1909 majaji wa Uingereza wameshikilia kwamba mwajiri aliyeuvunja mkataba kwa namna hiyo hawezi kukidai kifungu hicho.