Mlango uliogeuzwa

"Ijumaa usiku, Desemba, Ruwi. Leo nimeuona mtaa wetu, na mwanzo nimeukataa."

Ndivyo nilivyoanza kuandika kwenye daftari langu, watu wa nyumbani wameshalala na simu bado iko mkononi. Niliondoka Unguja mwaka 1989, kijana wa miaka 17, na tangu hapo makazi yangu ni Maskati. Picha yenyewe ilikuwa imewekwa mtandaoni jioni hiyo na mtu nisiyemjua. Nadhani ni mgeni, maana alichokipiga ni mlango wa nakshi wenye njumu za shaba, na chini yake ameandika neno moja tu: Zanzibar.

Milango kama hiyo imejaa Mji Mkongwe, na peke yake isingenizuia. Kilichonizuia kilikuwa pembeni, kimekatwa nusu na ukingo wa picha: pengo kati ya baraza mbili.

Asiyekulia kwetu huiona baraza kuwa ni kiti cha mawe cha kunywea kahawa. Masika huwa ni njia pia. Mvua kubwa ikinyesha, kichochoro hugeuka mfereji, na watu hupita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, wamejibana na ukuta. Pale Kiponda, baraza yetu na ya jirani ziliachana kiasi cha hatua moja ya mtu mzima. Wakubwa walivuka, sisi watoto tuliruka. Dada yangu aliwahi kutumbukia pale na mkoba wake wa skuli, na madaftari yakaanikwa juu ya dari siku mbili.

Lakini katika picha pengo lilikuwa kushoto kwa mlango, na letu lilikuwa kulia. Nikajiambia si kwetu. Nikaiweka simu, kisha nikairudia na kuikuza picha mpaka juu ya mlango, penye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Nikajaribu kuyasoma nisiweze. Bismillahi ilianzia kushoto ikienda kulia. Hakuna fundi aliyechonga hivyo. Picha ilikuwa imegeuzwa kama sura kwenye kioo, na watu hufanya hivyo kwa kupenda tu au kwa kubonyeza pasipo kujua. Nikaigeuza tena kwenye simu. Bismillahi ikasomeka, pengo likahamia kulia, na moyo ukanipiga.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama kwa makini, na jambo la pili likajitokeza: jua. Lilikuwa limeupiga mlango wote, kila njumu imetupa kivuli chake chini.

Mlango wetu ulielekea kibla. Nalijua hilo kwa sababu bibi alikuwa akitandika mswala ukumbini na kuuelekea mlango, na kutoka Unguja, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Unguja nayo iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta. Kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupita upande wetu wa kaskazini, na kwa kuwa mkabala na kwetu palikuwa na gofu la nyumba iliyoanguka, hakikuwepo cha kulizuia lisifike mlangoni. Desemba mambo hugeuka. Jua huchomoza kusini ya mashariki, hupita kusini, huzama kusini ya magharibi. Mlango unaotazama kaskazini hukaa kivulini asubuhi hadi jioni.

Basi picha iliyowekwa Desemba haikupigwa Desemba. Tarehe inayoonekana mtandaoni ni ya siku mtu alipoipandisha picha, na anaweza kuwa alikaa nayo miaka. Mitandao mingi huondoa taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani ya picha, kwa hiyo hapakuwa na la kuuliza ila kivuli.

Asubuhi nikampigia dada, anaishi Ng'ambo.

"Dada, shikamoo. Lile pengo la barazani bado lipo?"

"Marahaba. Pengo gani tena, ulilonisukuma?"

"Sikukusukuma. Nenda ukanitazamie."

Alikwenda baada ya alasiri, akanipigia akiwa amesimama pale pale. Gofu la mkabala limejengwa, ghorofa mbili, na sasa jua la kaskazini nalo hukutana na ukuta kabla ya kuufikia mlango. Baraza mbili zimeunganishwa kwa saruji, imejaa kabisa, hata mshono hauonekani vizuri chini ya rangi.

"Kwa hiyo masika watu wanapita tu?" nikamuuliza.

"Wanapita tu," akasema. "Haruki mtu."

Usiku ule nimeikata picha. Mlango nimeuacha, nimebaki na kile kipembe cha kulia, na chini yake kwenye daftari nimeandika: sikumsukuma.